Kabla ya kwenda kwa fundi, isome zipu yako

Wengi wetu tukipeleka suruali kwa fundi cherehani huwa hatuna maelezo marefu: "Fundi, zipu imekufa, niwekee nyingine." Fundi anafunua kopo lake la vikorokoro, anachambua hadi apate zipu inayoshabihiana rangi na kitambaa, anafumua, anashona, unalipa. Siku chache baadaye uko kwenye daladala, umekaa, na zipu inateremka yenyewe taratibu. Ukirudi kulalamika, fundi anaukagua mshono wake na kukuta umenyooka. Na kweli umenyooka. Tatizo ni kwamba zipu iliyowekwa haikuwa ya suruali ile.

Mwenye suruali anaweza kulizuia hilo kabla hajatoka nyumbani, maana anayohitaji kujua ni mambo matatu tu: meno ya zipu ni ya aina gani, zipu ni namba ngapi, na urefu wake ni kiasi gani. Futi ya fundi inatosha kwa kazi hiyo, na ikikosekana, rula ya mwanafunzi itafaa.

Hata hivyo, kabla ya kupima chochote, hakikisha kilichokufa ni zipu nzima. Mara nyingi kinachochoka ni kichwa, yaani kile kidude unachokivuta kupanda na kushuka. Ndani ya kichwa kuna njia yenye umbo la herufi Y: meno ya pande mbili yanaingia kwa mikono miwili ya Y yakiwa yameachana, yanabanwa, kisha yanatokea mguuni yakiwa yameshikana. Kichwa kikitumika miaka mingi, bamba lake la juu na la chini huachana kidogo, na meno yanapita bila kubanwa sawasawa. Dalili yake haifichiki: unavuta kichwa kinapanda vizuri, lakini nyuma yake meno yanabaki wazi, au yanafunga kisha yanaachia katikati ukivuta tumbo. Meno yenyewe ukiyakagua moja moja yapo yote na yamesimama sawa.

Jaribio lake ni la plaizi. Shusha kichwa hadi chini kabisa, kishike kwa plaizi kwenye ukingo wa nyuma, upande ambao meno hutokea yakiwa yameshikana, kisha bana kidogo upande wa kulia na kidogo upande wa kushoto. Usibane kwa hasira, kwa sababu vichwa vingi ni vya madini mepesi yaliyomiminwa kwenye kalibu, na vikizidiwa nguvu hupasuka badala ya kujipinda. Funga zipu tena. Ikishika, umejua kwamba mgonjwa ni kichwa. Usiichukulie kuwa imepona, kwa kuwa madini yaliyokwisha kuachana yataachana tena, pengine baada ya wiki, pengine baada ya miezi. Lakini sasa unaweza kumwambia fundi abadilishe kichwa peke yake, kazi ambayo ni ndogo kuliko kufumua suruali nzima kiunoni.

Ikiwa jino limeng'oka, au kitambaa cha zipu kimechanika pembeni mwa meno, au msokoto wa nailoni umekunjamana na kutokeza kama uzi uliovutwa, kichwa kipya hakitasaidia. Hapo zipu nzima inatoka, na ndipo upimaji unapoanza.

Zipu za suruali na mabegi zina sura tatu. Ya kwanza ni ya chuma: kila jino ni kipande chake, kimebanwa kwenye ukingo wa kitambaa cha zipu. Hii ndiyo ya jinzi na suruali nyingi za kazi. Ya pili ni ya nailoni, ambayo haina meno yaliyotengana. Ni uzi mmoja mnene uliosokotwa kwa mzunguko na kushonewa ukingoni. Pitisha ukucha juu yake utasikia mkwaruzo laini, tofauti na chuma kinachogonga kila hatua. Suruali za vitambaa vyepesi, sketi, sare za shule na mabegi mengi hutumia hii. Ya tatu ina meno ya plastiki manene, kila moja limesimama peke yake, na utaiona zaidi kwenye makoti. Koti lina jambo lake jingine: zipu yake huachana kabisa chini. Ya suruali haiachani, imefungwa chini kwa kizuizi, na hilo ni la kutazama dukani kwa sababu zote hutundikwa pamoja.

Sasa namba. Geuza kichwa cha zipu utazame mgongoni, upande unaogusa kitambaa. Mara nyingi utakuta namba imechongwa pale: 3, 4.5, 5, 8 au 10. Ikiwa ni ndogo mno au imejaa uchafu, isugue kwa mswaki wa zamani kisha ipige picha kwa simu na uikuze. Unaweza pia kukuta herufi, na watu wengi hudhani herufi hizo ndizo aina ya zipu. YKK, kwa mfano, ni jina la kampuni, kifupisho cha Yoshida Kōgyō Kabushikigaisha, ambayo chanzo chake ni biashara aliyoianzisha Tadao Yoshida jijini Tokyo mwaka 1934. Ukimwambia muuza duka "nataka zipu ya YKK" umemtajia mtengenezaji tu. Bado hajui akupe namba gani.

Namba inaeleza upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa kukaribiana na milimita. Kwa hiyo hata kama mgongoni hakuna kitu, funga zipu na uweke rula kukatisha meno, ukiacha nje kitambaa cha pembeni. Upana wa milimita 4 hivi ni namba 3, zipu nyembamba ya sketi na suruali nyepesi. Ukikaribia milimita 6 ni namba 5, ya jinzi nyingi na mabegi madogo. Milimita 7 hadi 8 ni namba 8, na milimita 10 ni namba 10, ile nene ya mabegi ya safari. Namba 4.5 ya chuma inakaa karibu sana na 5, na kwa jicho tupu ni rahisi kuzichanganya, ndiyo maana kilichochongwa kwenye kichwa ni cha kuaminiwa kuliko rula.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata wauzaji. Namba 5 ya chuma na namba 5 ya nailoni zina upana unaolingana, lakini kichwa cha moja hakiingiliani na cha nyingine, kwa sababu njia ya ndani imechongwa kufuata umbo la meno yake. Hata nailoni kwa nailoni, viwanda tofauti huachana kidogo. Anayetaka kichwa peke yake asiende dukani na namba tu, aende na kichwa cha zamani mkononi, na ikiwezekana na suruali yenyewe, ili kichwa kipya kijaribiwe kwenye meno yatakayotumika.

Tuingie kwenye urefu, na tuchukue suruali moja: jinzi ya kiume, zipu ya chuma, kichwa kimeandikwa 4.5, meno mawili yameng'oka karibu na chini. Ilaze mezani, zipu ikiwa imefungwa kadiri inavyokubali, na uinyooshe bila kuivuta. Urefu wa zipu unapimwa kwenye meno. Kile kitambaa kinachoning'inia juu na chini ya meno hakihesabiwi, na hapo ndipo watu wengi hukosea, maana wakiwa na zipu iliyokwisha kung'olewa hupima kitambaa kizima na kupata sentimita tatu au nne za ziada.

Kwenye suruali iliyoshonwa kuna ugumu mwingine: ncha zote mbili zimefichwa. Ya juu imeingia ndani ya mkanda wa kiunoni, ule ukanda wenye kifungo. Ya chini imefunikwa na ule mshono mzito uliopinda kama kipini cha mwavuli. Basi anza kupima kwenye mshono unaounganisha mkanda na suruali, chini ya kifungo, na ushuke hadi pale kidole kinapohisi kigumu kidogo chini ya kitambaa. Hicho ndicho kizuizi cha chini. Kwenye jinzi yetu futi inasoma sentimita 16.5.

Madukani zipu za suruali huuzwa kwa inchi, nzima nzima, na inchi moja ni sentimita 2.54. Gawanya 16.5 kwa 2.54 upate 6.5. Muuzaji ana ya inchi 6 na ya inchi 7. Macho yanavutwa na ya 6 kwa kuwa "itaingia tu". Chukua ya 7. Zipu ndefu fundi ataifupisha. Fupi hakuna wa kuirefusha. Na ukiweka ya inchi 6, mlango wa suruali utafupishwa kwa zaidi ya sentimita moja, na hiyo sentimita iko chini, mahali ambapo suruali inapita kwenye makalio unapoivaa. Kila asubuhi utakuwa unalazimisha, nguvu yote inaishia kwenye kizuizi cha chini na meno ya jirani yake. Ukichunguza zipu nyingi za jinzi zilizokufa utaona ziliachia papo hapo.

Kuifupisha zipu ya chuma kuna utaratibu wake. Fundi hawezi kushona juu ya meno. Sindano ikigonga chuma inavunjika, na kipande chake kinaweza kumrukia usoni. Kwa suruali, ufupishaji unafanyika juu, upande wa mkanda. Anapima inchi 6.5 kutoka kizuizi cha chini, anaweka alama, kisha anang'oa meno yaliyozidi moja moja kwa plaizi, na kubakiza kitambaa kitupu kitakachoingia ndani ya mkanda. Lakini kabla ya hapo kichwa lazima kishushwe chini. Kikiachwa juu, meno na vizuizi vya juu vikiondolewa, kinachomoka kwenye kitambaa, na kukirudisha kwenye zipu mpya ni kazi ya kutoa jasho. Fundi mwangalifu huvihamisha vile vizuizi viwili vya juu na kuvibana upya chini kidogo ya mshono wa mkanda. Wengine huuachia mkanda wenyewe uzuie kichwa, na kwenye jinzi nzito hilo linatosha.

Nailoni ni rahisi zaidi. Inashonwa juu kwa juu na kukatwa kwa mkasi. Ukitaka kuifupisha chini, unashona kwa mkono kukatisha meno mara kadhaa mahali pamoja, hadi uzi utengeneze kizuizi kigumu, kisha unakata ukiacha sentimita moja na nusu hivi chini yake.

Dukani mazungumzo huenda hivi:

"Karibu dada. Zipu ya nini?"

"Suruali ya jinzi, kaka. Ya chuma, namba nne na nusu, inchi saba."

"Rangi?"

"Kitambaa bluu iliyokolea, meno ya dhahabu. Na iwe na kichwa cha kujifunga."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yangemwokoa yule wa kwenye daladala. Kichwa cha suruali kina kijino kidogo ndani, chini ya kishikio. Kishikio kikilala, kijino kinaingia kati ya meno na kichwa hakisogei hata ukikaa au ukiinama. Vichwa vingi vya mabegi havina kijino hicho, kwa sababu begi linafunguliwa na kufungwa mara nyingi na linahitaji kichwa kinachoteleza huku na huku. Kwa macho vinafanana. Fundi aliyeokota kichwa cha namba inayolingana kutoka kwenye kopo lake anaweza kabisa kukuwekea cha begi bila kujua.

Jaribu ukiwa bado umesimama kaunta. Funga zipu hadi katikati, laza kishikio kikielekea chini, kisha shika kitambaa cha pande zote mbili juu ya kichwa na uvute kukiachanisha. Kikibaki pale pale, kinajifunga. Kikiteremka, mrudishie muuzaji. Kipandishe na kukishusha pia mara kadhaa kwenye urefu wote. Zipu mpya inayokwama sehemu moja dukani itakwama sehemu hiyo hiyo kila siku, na wala sabuni au nta ya mshumaa haitanyoosha jino lililokaa vibaya.

Begi lina hesabu tofauti, kwa sababu zipu yake inazunguka kona. Chukua begi la mgongoni la mwanafunzi, zipu kubwa inayopanda upande mmoja, inapita juu na kushuka upande wa pili. Futi ya kunyoosha haifai. Chukua uzi mnene au kamba nyembamba isiyovutika, ilaze juu ya meno kutoka mwisho hadi mwisho ukifuata kila mpindo, weka alama, kisha ipime kamba hiyo mezani. Tuseme imetoka sentimita 78. Kwenye ncha mbili fundi anahitaji nafasi ya kushonea, kwa hiyo ongeza kama sentimita 3 kila upande, upate 84. Zipu za mabegi zinauzwa pia kwa mita kutoka kwenye roli, bila vichwa, na vichwa vinanunuliwa kando. Begi letu lina vichwa viwili vinavyokutana juu, basi utanunua mita moja ya namba 8 na vichwa viwili vya namba 8, kisha fundi atavipachika mwenyewe, kimoja kutoka kila upande. Kipande kitakachobaki kitunze. Ndicho kitakachotumika kujaribia kichwa siku vichwa hivi vitakapochoka.

Kwenye begi tazama pia upande gani wa nailoni unaonekana nje. Kuna zipu ambazo msokoto wake unaonekana, na kuna ambazo nje unaona kitambaa laini tu chenye mstari katikati huku msokoto ukiwa umegeukia ndani. Hizi za pili zinataka kichwa chake maalumu, chenye kishikio upande wa kitambaa laini. Ukipeleka kichwa cha kawaida kwenye zipu ya namna hiyo, kitaingia, lakini kishikio kitakuwa ndani ya begi.

Rangi mimi siipi uzito mkubwa kwenye suruali, kwa sababu kifuniko cha mbele kinaificha zipu. Ukilazimika kuchagua kati ya zipu yenye rangi inayolingana lakini namba 3, na nyeusi ya namba sahihi, chukua nyeusi. Rangi ya uzi ndiyo ya kukazania, hasa kwenye jinzi, maana ule mshono uliopinda wa mbele unaonekana na mtu aliye upande wa pili wa barabara. Mwambie fundi atumie uzi mnene wa rangi ya zamani na afuate matundu yaliyoachwa na sindano ya kwanza. Bei yake itazidi ya suruali ya kitambaa chepesi, na ana haki: anafumua mkanda pande zote mbili, anafumua mshono wa kuimarisha pale chini, anashona tabaka nne au tano za kitambaa kizito, na kurudisha kila kitu mahali pake.

Ukienda kuichukua, usiangalie ikiwa imekunjwa. Ifunge kifungo na zipu, ishike kiunoni na utazame kama ncha mbili za mkanda ziko usawa mmoja. Upande mmoja ukiwa juu, zipu ilishonwa ikiwa imevutwa upande huo. Tazama kama kifuniko kinafunika meno hadi chini bila mawimbi. Pitisha kidole chini kabisa uone kama ule mshono mfupi wa kuimarisha umerudishwa, kwa sababu fundi mwenye haraka huusahau, na bila huo nguvu yote inarudi kwenye kizuizi. Kisha omba pa kuivalia, ukae kwenye kiti na uiname. Begi nalo lijaze vitu kabla ya kulipa, hata kama ni vitambaa vya pale kibandani, halafu pitisha vichwa vyote viwili kwenye kona. Begi tupu hufunga vizuri hata kama zipu imeshonwa karibu mno na ukingo. Likijaa ndipo kichwa kinapong'ang'ania kitambaa cha kona, na hapo bado uko mbele ya cherehani.